Chumvi, maziwa na breki: karatasi moja ya kukariri dawa za kifafa na mahali zinapofanya kazi

Ukipita Upanga majira ya mitihani utawasikia vijana wa udaktari, famasia na uuguzi wakikariri majina ya dawa kwa sauti, daftari mkononi na chai pembeni. Dawa za kifafa huwatesa wengi kwa sababu majina yake yanafanana, halafu mtihani hauulizi jina peke yake. Unauliza dawa inakamata wapi: chaneli ya sodiamu, chaneli ya kalsiamu, au mfumo wa GABA. Anayekariri orodha bila kujua sababu huishia kuweka gabapentini kwenye GABA, na hapo alama imekwenda.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza karatasi moja tu ya marudio. Vibwagizo vyake ni vya Kiswahili kwa makusudi, maana sentensi unayoielewa papo hapo hukaa kichwani kuliko herufi za lugha ya darasani. Jambo moja la kuzingatia: kwenye karatasi ya mtihani baadhi ya majina huanza kwa herufi tofauti na hizi nilizoandika, kwa hiyo shika sauti ya jina, usishike herufi.

Hatua ya 1: Gawa karatasi

Chukua karatasi ya A4, ilaze, upige mistari miwili ili upate safu tatu. Acha nafasi ya vidole vinne chini, na ukingo mwembamba upande wa kulia. Juu ya safu andika CHUMVI, MAZIWA na BREKI.

Chumvi ni sodiamu, maana chumvi ya mezani ni sodiamu kloraidi. Maziwa ni kalsiamu. Breki ni GABA, kemikali kuu inayotuliza seli za neva kwenye ubongo. Chini ya kila kichwa andika mstari mmoja wa kazi. Sodiamu ikiingia ndani ya seli ya neva, umeme husafiri kwenye uzi wa neva. Kalsiamu ikiingia mwishoni mwa uzi, seli humwaga kemikali za kuzungumza na jirani yake. Na ndani ya talamasi, kalsiamu hupiga mdundo, jambo tutakalolirudia. GABA ikigusa kipokezi chake aina ya A, kloraidi huingia na seli inakuwa ngumu kuamka.

Andika kwa mkono. Nakala ya steshenari ya karatasi ya mwenzako ni nzuri kwa kubandika ukutani, lakini kukumbuka hutokana na kuichora mwenyewe.

Hatua ya 2: Safu ya chumvi

Kibwagizo: Feri Kuna Ladha. Fenitoini, Kabamazepini, Lamotrijini. Feri ya Kivukoni ni samaki na maji ya bahari, na ladha haiji bila chumvi, kwa hiyo sentensi yenyewe inakukumbusha safu. Ndugu wawili waingize kwa herufi ndogo: okskabazepini, ambayo imebeba jina la kabamazepini ndani yake, na lakosamaidi, ambayo ni L ya pili.

Sasa ielewe chaneli yenyewe, kwa sababu hapa ndipo maswali ya kufikiri hutoka. Chaneli ya sodiamu ina hali tatu. Inaweza kuwa imefungwa na iko tayari, inaweza kuwa wazi, au inaweza kuwa imejizima: imeshafunguka, imepitisha sodiamu, na sasa inapumzika kabla ya kuwa tayari tena. Fenitoini, kabamazepini na lamotrijini hupenda kuing'ang'ania chaneli ikiwa katika hali ya kujizima, na kuichelewesha kurudi kwenye utayari. Seli inayopiga umeme kwa kasi mno, kama ile iliyo katikati ya kifafa, chaneli zake nyingi ziko katika hali hiyo muda mwingi, kwa hiyo dawa inaikamata zaidi. Seli inayofanya kazi kwa mwendo wa kawaida haipati bughudha kubwa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumeza kabamazepini na bado akafanya hesabu zake za duka. Lakosamaidi inatofautiana kidogo: yenyewe huimarisha ule mzimiko wa polepole, wakati ndugu zake wanashughulika na mzimiko wa haraka. Tofauti hiyo ni alama moja rahisi, iandike.

Kutokana na hali hii unaweza kukisia safu hii inatibu nini. Inatibu kifafa kinachotokana na seli kupiga kwa kasi: kile kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kile cha mwili mzima kukakamaa na kurusharusha. Unaweza kukisia pia dalili za dozi kuzidi: kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba wakati wa kutembea, na kwa fenitoini macho kuchezacheza pembeni. Mgonjwa anayeonekana kama amelewa saa nne asubuhi, na anatumia dawa ya safu hii, muulize kwanza dozi kabla hujamuuliza mambo mengine.

Moyo nao una chaneli za sodiamu. Ndiyo maana fenitoini ya mshipani haisukumwi haraka. Kwa mtu mzima mwendo hauzidi miligramu 50 kwa dakika, na moyo na presha hufuatiliwa muda wote. Sehemu ya lawama ya presha kushuka ni ya kiyeyushi kilichomo kwenye chupa, lakini hilo halibadilishi mwendo. Tena, fenitoini huchanganywa kwenye dripu ya chumvi. Ukiiweka kwenye dripu ya glukosi inaganda chembechembe. Kwa hiyo kwenye karatasi yako, pembeni ya fenitoini, andika: *chumvi mpaka kwenye dripu*. Ni bahati nzuri kwamba kibwagizo kinafanya kazi mara mbili, na wala si mimi niliyeipanga hivyo.

Hatua ya 3: Safu ya maziwa

Kibwagizo: Esta, Tazama Maziwa. Esta ni Ethosuksimaidi. T ya Tazama ni chaneli ya kalsiamu aina ya T, na pia ni T ya talamasi. Na kutazama kwenyewe ndiko ugonjwa wenyewe: kifafa cha kuzubaa, ambapo mtoto hukatika katikati ya sentensi, hutazama mbele sekunde chache kama hayupo, kisha huendelea alipoishia bila kujua kilichotokea.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya maswali magumu yako kwenye sentensi hii moja.

Kifafa cha kuzubaa si cha seli moja inayopiga kwa kasi. Ni mdundo unaozunguka kati ya talamasi na gamba la ubongo, kama mapigo 3 kwa sekunde, na kipimo cha EEG huuonyesha wazi pande zote mbili za kichwa. Mdundo huo unaendeshwa na chaneli za T. Chaneli hizi zina tabia ya ajabu: seli ikiwa katika hali yake ya kawaida, chaneli za T zimejizima. Ili ziwe tayari kufanya kazi, lazima kwanza seli itulizwe sana, umeme wake ushuke chini kuliko kawaida. Ikishatulizwa, chaneli huamka, na msukumo mdogo tu unazifungua zote kwa pamoja. Seli inapiga kishindo, inamtuliza jirani, jirani naye chaneli zake zinaamka, na mzunguko unaendelea.

Soma aya hiyo tena ukiwa na kalamu nyekundu. Kama utulivu mkubwa ndio unaoamsha chaneli za T, basi dawa inayoongeza GABA kila mahali inaweza kuukoleza mdundo wa kuzubaa badala ya kuuzima. Ndivyo ilivyo kwa vigabatrini na tiagabini. Na dawa ya chumvi, ambayo kazi yake ni kuzuia kasi, haina cha kukamata kwenye mdundo wa mapigo 3 kwa sekunde. Kabamazepini, okskabazepini na fenitoini zinajulikana kuuzidisha. Kwenye karatasi, chora mshale mwekundu kutoka kwa kila moja ya hizo tano kuelekea kwa Esta, uandike *huzidisha*. Mishale hiyo mitano ina thamani kuliko orodha nzima.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba Esta anajua kazi moja tu. Ethosuksimaidi hutibu kuzubaa na haimkingi mtu na kifafa cha mwili mzima kukakamaa. Iandike hiyo chini ya jina lake kwa wino wa kawaida.

Kisha kuna wapangaji wawili wa safu hii ambao majina yao yanadanganya: gabapentini na pregabalini. Zilitengenezwa kwa kufuata umbo la GABA, ndiyo maana zinaitwa hivyo, lakini hazigusi vipokezi vya GABA. Hujishika kwenye kipande cha pembeni cha chaneli ya kalsiamu kinachoitwa alfa-2-delta, katika chaneli zilizo mwishoni mwa uzi wa neva, na kupunguza kemikali zinazomwagwa. Hizi si chaneli za T, kwa hiyo usizitegemee kwa kuzubaa.

Kanuni ya kuzitenganisha ni hii: yenye gaba na P ni Pakiti ya maziwa. Ga-ba-P-entini ina P. P-regabalini ina P. Tiagabini na vigabatrini hazina P popote, hivyo hizo ni za breki kweli. Jaribu kuivunja kanuni hiyo kwa majina ya dawa hizi nne, haivunjiki.

Hatua ya 4: Safu ya breki

Safu hii ina vituo vitatu: kwenye kipokezi, kwenye kuzolewa kwa GABA, na kwenye kuvunjwa kwake.

Kwenye kipokezi kibwagizo ni: Benzi hupita mara kwa mara, Babu hukaa muda mrefu. Benzi ni benzodiazepini: diazepamu, lorazepamu, midazolamu, klonazepamu. Zikiwepo, GABA hufungua chaneli ya kloraidi mara nyingi zaidi. Babu ni babitureti, na kwa kifafa maana yake ni fenobabitali. Yeye hufanya kila mfunguo udumu zaidi. Mara kwa mara, muda mrefu: hayo ndiyo maneno mawili anayoyatafuta msahihishaji.

Babu pia hukusaidia na mtego wa F mbili. Fenitoini na fenobabitali huanza sauti moja, na kwa haraka ya mtihani watu hubadilishana safu zao. Sikiliza katikati ya jina. Ukisikia *babi*, huyo ni Babu, nenda kwenye breki. Usipomsikia, baki Feri.

Tofauti ya Benzi na Babu haiishii kwenye maneno. Benzodiazepini haiwezi kufungua chaneli peke yake. Lazima GABA iwepo, na kiasi cha GABA ni kikomo chake. Babitureti kwa dozi kubwa inafungua chaneli hata bila GABA. Ndiyo sababu fenobabitali ikizidi ni rahisi zaidi kumzimisha mtu pumzi, na haina dawa yake maalumu ya kuipindua. Benzodiazepini inayo, inaitwa flumazenili, ila kwa mgonjwa wa kifafa flumazenili inaweza kumrudishia degedege, kwa hiyo jibu la "mpe flumazenili" kwa mtu mwenye kifafa ni mtego.

Kuna sababu nyingine ya kuielewa Benzi. Mgonjwa aliyeanza degedege lisilokatika hupewa benzodiazepini kwanza, kwa kuwa inafanya kazi haraka. Lakini degedege likiendelea kama nusu saa, seli huanza kuvimeza vipokezi vya GABA kutoka juu ya ngozi yake kuviingiza ndani, na Benzi inakosa pa kupita. Wagonjwa wanaocheleweshwa njiani, na foleni ya Barabara ya Mandela jioni tunaijua, ndio ambao diazepamu inakuja kuonekana dhaifu kwao. Hivyo hatua inayofuata mara nyingi inahama safu: fenitoini miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwenye dripu ya chumvi, kwa mwendo ule tuliousema. Mwanafunzi anayeona kwamba daktari ametoka breki kwenda chumvi hahitaji kukariri mpangilio huo.

Kituo cha pili: Tia gaba, isizolewe. Jina la tiagabini limejieleza lenyewe kwa Kiswahili. Baada ya GABA kumwagwa kwenye ufa kati ya seli, kuna kisafirishi kinachoizoa kuirudisha ndani, kinaitwa GAT-1. Tiagabini huziba kisafirishi hicho, GABA inabaki kwenye ufa.

Kituo cha tatu: Vi ni Vunja, na vunja imezuiwa. Vigabatrini hukizima moja kwa moja kimeng'enya kinachovunja GABA, kiitwacho GABA transaminezi. Seli lazima itengeneze kimeng'enya kipya, kwa hiyo athari yake hudumu kuliko dawa yenyewe inavyodumu mwilini. Dawa hii ina gharama yake: inaweza kubana eneo la kuona la pembeni, na madhara hayo hayarudi nyuma. Chora jicho dogo karibu na jina lake.

Hatua ya 5: Wanaovuka mistari, na asiyekuwamo

Ile nafasi ya chini ya karatasi ni ya dawa zinazogusa zaidi ya safu moja.

Valproeti, Vyote. Vitabu huiweka kwenye chumvi, kwenye maziwa na kwenye breki. Uzito wa kila kimoja bado wataalamu hubishania, hasa ule wa chaneli za T, lakini kwa mtihani jibu ni vyote, na kwa kliniki maana yake ni kwamba inatibu aina nyingi za kifafa, kuzubaa ikiwemo. Chora mstari unaopita safu zote tatu.

Zonisamaidi, zoni mbili: chumvi na maziwa aina ya T.

Topirameti amekanyaga tope, ameacha nyayo kila alipopita: chaneli za sodiamu, vipokezi vya GABA, vipokezi vya glutameti, na kimeng'enya cha kaboniki anihidrezi. Hicho cha mwisho ndicho chanzo cha ganzi za vidole na mawe ya figo. Hapa usipoteze muda zaidi.

Kwenye ukingo wa kulia andika jina moja: Levi na kifuko. Levetirasetamu haimo kwenye safu yoyote kati ya tatu. Hujishika kwenye protini iitwayo SV2A, iliyo juu ya vifuko vidogo vinavyobeba kemikali za neva. Iandike nje ya mstari kabisa, kwa sababu mtego wake ni ile L. Wengi wakisoma "Feri Kuna Ladha" wakiwa wamechoka humvuta Levi akae kwenye L ya lamotrijini.

Hatua ya 6: Funika, andika, sahihisha

Karatasi ikikamilika, usiisome tu. Igeuze. Chukua karatasi tupu, uandike vibwagizo peke yake: Feri Kuna Ladha; Esta, Tazama Maziwa; Pakiti; Benzi na Babu; Tia; Vi; Vyote; Zoni; Tope; Levi. Kisha chini ya kila kimoja jaza dawa na mahali inapokamata. Mwisho chora mishale myekundu. Sahihisha kwa wino mwingine, na zoezi la kesho lianze na ulichokosea leo.

Ukiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, fanya kinyume: taja dawa moja, useme safu, kisha useme inazidisha nini. Kwenda kutoka kibwagizo hadi dawa ni rahisi. Mtihani hukupa dawa na kukutaka urudi nyuma, na njia hiyo ya kurudi lazima ifanyiwe mazoezi peke yake.

Dalili kwamba bado hujaiva ni hii: unaweza kutaja "ethosuksimaidi, chaneli ya T" lakini ukiulizwa kwa nini tiagabini haifai kwa mtoto anayezubaa unanyamaza. Hapo rudi kwenye hatua ya 3. Usiongeze vibwagizo vingine. Karatasi yenye vibwagizo ishirini inahitaji kibwagizo cha kuikumbuka.

Kuna mambo ambayo karatasi hii haiyabebi. Haikuambii kwamba ini likishashiba fenitoini, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango cha damu kupita kiasi. Haikuambii kwamba kabamazepini na fenitoini huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Hayo yanahitaji karatasi yake.

Hatua ya 7: Itumie kwenye swali

Hili ni swali la mfano, nimelitunga, lakini mtindo wake ndio unaotoka.

*Mtoto wa kike wa miaka 7 anayesoma Mbagala analetwa na mama yake. Mwalimu amelalamika kwamba anakatika katikati ya kusoma kwa sauti, anatazama mbele kama sekunde 10, kope zinapepesa kidogo, kisha anaendelea. Hutokea mara nyingi kwa siku. Hajawahi kuanguka. Miezi miwili iliyopita alianzishiwa kabamazepini kwa maelezo kwamba ana kifafa. Tangu hapo vipindi vimeongezeka. Akiambiwa apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika 3, kipindi kinatokea mbele ya daktari. EEG inaonyesha mawimbi ya mapigo 3 kwa sekunde pande zote. Eleza kwa nini amezidiwa, pendekeza dawa, na utaje mahali inapofanya kazi.*

Anza na aina ya kifafa kabla ya kugusa dawa. Kukatika ghafla, muda mfupi, kurudi mara moja bila kuchanganyikiwa, kuamshwa na kupumua kwa nguvu, na mapigo 3 kwa sekunde: huyu ni Esta anayetazama. Kifafa cha kuzubaa.

Pili, itafute dawa aliyopewa. Kabamazepini: K ya Kuna, safu ya chumvi. Inang'ang'ania chaneli ya sodiamu iliyojizima, na faida yake iko kwa seli zinazopiga kwa kasi. Huyu tatizo lake ni mdundo wa talamasi. Mshale mwekundu unasema *huzidisha*, na historia ya mama inalingana na mshale. Hapa andika sentensi nzima ya sababu. Wengi huandika "dawa si sahihi" na kuishia hapo.

Tatu, fuata safu ya maziwa. Ethosuksimaidi, chaneli za kalsiamu aina ya T kwenye talamasi. Hajawahi kukakamaa wala kuanguka, kwa hiyo udhaifu wa Esta wa kujua kazi moja haumdhuru. Kabamazepini nayo ipunguzwe kwa hatua chini ya uangalizi, maana dawa ya kifafa haikatwi ghafla.

Nne, msahihishaji atakugeuzia: je, kama mtoto huyu angekuwa pia na degedege la mwili mzima? Esta hatoshi. Unashuka chini ya karatasi kwa Vyote, valproeti, ambayo hushika kuzubaa na kukakamaa kwa pamoja. Lakini soma swali tena: ni mtoto wa kike. Valproeti ikitumika wakati wa ujauzito inaweza kusababisha mgongo wazi na kudumaza uwezo wa akili wa mtoto atakayezaliwa, na dawa inayoanzwa utotoni mara nyingi huendelea hadi ukubwani. Hilo lazima liandikwe kwenye jibu na lizungumzwe na mama leo, kwa lugha anayoielewa.

Ndipo L ya Ladha inakuwa na maana ya pekee. Lamotrijini iko safu ya chumvi, na bado inasaidia kuzubaa, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko ethosuksimaidi. Kati ya dawa tatu za Feri Kuna Ladha, ndiyo pekee isiyo na mshale mwekundu kwa Esta. Kwa msichana mwenye aina zote mbili za kifafa ni chaguo la kufikiriwa. Kama kliniki nyingine ilishamwanzishia valproeti, usiongeze lamotrijini kwa dozi ya kawaida: valproeti huchelewesha kuvunjwa kwake, muda wa lamotrijini mwilini hurefuka kama maradufu, na hatari ya vipele vikali vya ngozi inapanda. Dozi ya kuanzia hupunguzwa na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa, na mama aambiwe kwamba kipele chochote katika wiki hizo ni sababu ya kumrudisha mtoto siku hiyohiyo.